Kabla Unga Haujarudi

Mtu aliyeacha heroini harudii siku ile anapoonekana maskani na wenzake wa zamani. Siku hiyo ni ya mwisho katika safari iliyoanza wiki mbili, tatu, wakati mwingine mwezi mzima nyuma, na wakati huo wote hakuna kilichovutwa wala kuchomwa sindano. Alikuwa anachelewa kulala. Alikuwa ameanza kuwakwepa wale aliokuwa akikaa nao jioni. Alimwambia dada yake uongo mdogo usio na faida yoyote, kwamba amekula wakati hajala. Walioishi kwenye soba hausi za Unguja, Bagamoyo na Mombasa wanaijua njia hii kwa sababu wengi wao wamewahi kuipita zaidi ya mara moja. Shida ni kwamba mtu huiona vizuri akiwa ameshafika mwisho wake.

Mpango wa kuzuia kurudia ni karatasi inayoandikwa ili njia hiyo ionekane mapema. Una mambo matatu: dalili za hatari zinazomhusu mtu huyo mwenyewe, vitu vya kufanya kila dalili inapotokea, na majina ya watu wa kupigiwa simu. Mimi huongeza la nne, ambalo familia nyingi hazipendi kulisikia, na nitalifikia. Huandikwa mtu akiwa ametulia, arosto imekwisha, amelala na amekula, kwa sababu hamu ikishapanda kichwa hakifikiri tena. Wakati huo mtu hutafuta sababu tu ya kufanya kile alichokwisha kukiamua.

Mwaka 1985 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Alan Marlatt na Judith Gordon, walichapisha kitabu kilichoupa utaratibu huu msingi wake. Marlatt alikuwa amewafuatilia watu walioacha pombe, sigara na heroini, akawauliza walirudia vipi na siku hiyo palikuwa na nini. Majibu yalirudi mara nyingi kwenye mambo matatu: hisia nzito kama huzuni na hasira, ugomvi na mtu wa karibu, na kushawishiwa na wenzao. Kurudia, kwa maneno mengine, kuna mazingira yake, na mazingira yanaweza kuandikwa kabla hayajafika.

Tuchukue kijana wa mfano, fundi wa kuchomelea vyuma wa Kisauni, Mombasa, mwenye miaka 31. Amekuwa kwenye unga miaka tisa. Ameshaacha mara mbili na kurudia mara mbili. Sasa ametoka soba hausi, anaishi kwa mama yake pamoja na dada yake, na amerudi kwenye karakana ya mjomba wake. Anataka kuandika mpango. Aanzie wapi?

Wengi huanza kwa kuandika dalili walizosikia kwenye mafunzo: msongo wa mawazo, kukosa subira, marafiki wabaya. Karatasi ya namna hiyo haimsaidii mtu, kwa kuwa hakuna siku ambayo ataamka na kusema, leo nina marafiki wabaya. Njia iliyo bora ni kuchukua mara ya mwisho aliporudia na kuisimulia kinyumenyume, kutoka ule mvuto wa kwanza kurudi nyuma, huku mtu mwingine akiuliza swali moja tu: kabla ya hapo kulikuwa na nini?

Fundi wetu anasimulia. Alivuta Jumamosi jioni. Kabla ya hapo? Alikuwa amepokea mshahara wa wiki mkononi, na njia ya kurudi nyumbani inapita nyuma ya gereji moja ambako kuna maskani. Kabla ya hapo? Mchana, jamaa mmoja alimpigia simu kumjulia hali, mtu ambaye hakuwa amempigia miezi mingi. Kabla ya hapo? Alhamisi aligombana na kaka yake mkubwa, aliyemkumbusha mbele ya watoto zile bangili za mama zilizopotea. Na kabla ya hapo?

Hapa watu wengi hunyamaza, kwa sababu wanadhani hadithi imekwisha. Muulizaji asikubali iishie hapo. Akisukumwa taratibu, fundi anakumbuka kwamba wiki hiyo nzima alikuwa analala saa tisa za usiku. Mchana alikuwa anatafuna muguka ili asisinzie kazini, na muguka huohuo ukawa unamnyima usingizi usiku unaofuata. Wiki moja nyuma zaidi, alikuwa ameacha kwenda kwenye mkutano wa jioni wa waliopona, akisema kazi ni nyingi. Na kabla hata ya hilo, alikuwa ameanza kusimulia enzi za unga kwa kicheko, visa vya kukimbizana na askari na siku za kupata kete za bure. Hakuwa akitaja baridi ya arosto, wala kuhara, wala ile usiku aliyolala kwenye veranda ya duka kwa kuwa nyumbani amefungiwa mlango.

Hizo ndizo dalili. Zote zilitokea kabla ya pesa, kabla ya simu ya yule jamaa, kabla ya ugomvi. Siku ya Alhamisi kaka yake alimkuta mtu ambaye tayari hajalala wiki nzima na hana wa kuzungumza naye.

Sasa ziandikwe kwa namna inayohesabika, ili yeye na mtu mwingine wakiziangalia waone kitu kilekile. "Nikikosa usingizi" haitoshi. Aandike: "Nikilala baada ya saa saba usiku siku tatu mfululizo." Badala ya "nikijitenga," aandike: "Nikikosa mikutano miwili." Aandike pia: "Nikisimulia unga kama sherehe." Na ile ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote: "Nikimdanganya dada kwa jambo dogo." Miaka ya uraibu humzoesha mtu kuficha, na mazoea hayo hurudi kabla ya unga wenyewe. Dalili tano au sita zinatosha. Zikizidi, karatasi inakuwa kama orodha ya makosa na hakuna atakayeisoma.

Kila dalili ipewe kazi yake, na kazi iwe ndogo kiasi kwamba mtu aliyechoka anaweza kuifanya. Usingizi ukiharibika, fundi anaacha muguka siku hiyohiyo na anaamka saa kumi na mbili asubuhi hata kama amelala mawili tu, ili usiku unaofuata mwili udai usingizi wenyewe. Hanunui vidonge vya usingizi mtaani. Wanaotumia unga Mombasa wanazijua bugizi na Valiamu, na mtu aliyekosa usingizi huziona kama nafuu, lakini dawa hizo zikichanganyika na heroini hupunguza pumzi kwa pamoja. Usingizi usipotulia baada ya wiki mbili, anakwenda kliniki kusema hivyo. Usingizi mbovu ni kawaida baada ya kuacha heroini. Arosto kali hufikia kilele siku ya pili au ya tatu na kwa wengi hupungua ndani ya wiki moja hivi, ila usingizi na moyo mzito huweza kuchukua miezi kukaa sawa. Mtu asiyeambiwa hili hudhani amevunjika milele.

Jumamosi ipewe mpango wake peke yake. Fundi anamwomba mjomba wake asimpe pesa mkononi, bali amtumie dada kwa M-Pesa, na dada ampe nauli na ya chakula kila asubuhi. Wameandika kwamba utaratibu huu ni wa miezi mitatu, kisha wataongea upya. Ukomo huo una maana kubwa. Mwanamume wa miaka 31 anayeombewa nauli na mdogo wake anaweza kuvumilia jambo lenye mwisho. Lisilo na mwisho atalikasirikia, na hasira hiyo ni mojawapo ya njia za kurudi maskani. Anabadili pia njia ya kurudi nyumbani. Anazunguka, anachelewa kwa dakika kumi, hapiti nyuma ya gereji. Na namba za wauzaji zinafutwa kwenye simu mtu mwingine akiwa amekaa kando yake.

Inabaki hamu yenyewe, ile inayokuja ghafla kwa kuona kiberiti, kusikia harufu ya ndimu, kupata pesa. Hapa kuna jambo ambalo mtu anapaswa kulijua kwa hakika. Hamu hupanda, hufika kilele, kisha hushuka, na mara nyingi yote hayo huisha ndani ya nusu saa kama hailishwi. Anayedhani itazidi kupanda hadi avute hana sababu ya kuivumilia. Kwa hiyo karatasi ya fundi inasema atafanya nini katika nusu saa hiyo, na inataja mahali. "Natoka, naenda kwa mjomba karakana" ni mpango. "Natoka" peke yake ni hatari, kwa sababu miguu inaijua njia ya maskani. Kabla hajatoka anajiuliza maswali manne wanayofundishwa waliopita kwenye vikundi vya kupona: nina njaa, nina hasira, niko mpweke, nimechoka? Mara nyingi jibu la kwanza ni njaa. Viazi karai na chai vimewahi kuiokoa jioni ya mtu.

Tukifika kwa watu, hapa ndipo mipango mingi inapokosewa. Karatasi hujazwa majina ya wote wanaompenda, mama akiwa wa kwanza. Mama ana mahali pake, lakini asiwe namba ya kwanza. Mama akipigiwa saa nne usiku na kuambiwa "nina hamu," atalia, atapandwa na presha, au atafunga milango na kuwaita ndugu wote. Mwanawe akiliona hilo mara moja, mara ya pili hatapiga. Anayefaa kuwa wa kwanza ni mtu anayeweza kusikia neno hilo na akabaki mtulivu. Kwa fundi wetu ni mwenzake aliyepitia soba hausi ileile na amekuwa safi miaka minne. Wa pili ni mjomba, kwa sababu ana pikipiki na anakaa karibu. Wa tatu ni mhudumu wa kliniki, kwa maswali ya dawa na siku ambazo hali imezidi uwezo wa nyumbani. Kenya kuna pia namba 1192 ya NACADA, isiyotozwa, ambayo inafaa kuandikwa chini kabisa kwa usiku ambao hakuna anayepokea.

Kuandika jina la mtu bila kumwambia ni kosa. Fundi anakwenda kwa kila mmoja akiwa na karatasi mkononi na kumweleza anachokiomba. Kwa mjomba mazungumzo yake yanaweza kwenda hivi:

"Mjomba, nimekuandika hapa. Nikikupigia nikisema 'njoo tukanywe chai', ujue hali ni mbaya. Sitaki uniulize maswali kwenye simu, na mawaidha tuyaache hadi kesho yake. Njoo tu unichukue, tukae pamoja nusu saa."

"Na nikiwa mbali?"

"Niambie uko mbali, nimpigie wa pili. Usiniambie nisubiri."

"Na mimi nikiona umeanza kubadilika, nikwambie?"

"Niambie hivi: mwanangu, dalili ya pili. Usinitajie bangili, Mjomba. Tafadhali."

Ombi hilo la mwisho ni sehemu ya mpango kama zilivyo namba za simu. Mtu aliyepewa ruhusa ya kusema, na akaambiwa aseme vipi, husaidia. Asiyepewa huishia kumchungulia mwenzake machoni kila anaporudi nyumbani, kumpekua mifuko, na kumtuhumu siku ambayo hana kosa. Nimeona nyumba ambazo upelelezi wa namna hii uliwachosha wote hadi wakaacha kusemezana.

Jambo dogo ambalo wasiowahi kuishi na uraibu hawalifikirii: namba hizi ziandikwe kwa kalamu. Mtu akianza kurudia, simu ndiyo kitu cha kwanza kuuzwa au kuwekwa rehani, na namba zote huondoka nayo. Fundi anaikunja karatasi yake nyuma ya kitambulisho ndani ya pochi. Nakala moja anakaa nayo dada, nyingine mjomba. Na mwenzake wa soba hausi wamekubaliana kwamba asipokuwa na salio atambipu mara mbili mfululizo, naye atapiga.

Sasa lile la nne nililotaja mwanzoni. Karatasi iwe na ukurasa wa nyuma unaosema nini kifanyike endapo amevuta. Wazazi wengi hukataa. Wanasema kuandika hivyo ni kumpa ruhusa, ni kumkaribisha shetani mezani. Naielewa hofu yao, lakini nasimama upande wa kuandika, kwa sababu kipindi baada ya kuacha ndicho kinachoua watu wengi wa heroini kuliko wanavyodhani.

Sababu iko mwilini. Anayetumia kila siku huwa mwili wake umezoea, akihitaji kiasi kikubwa ili asikie kitu. Akikaa wiki chache tu bila unga, iwe kwenye soba hausi, hospitalini au gerezani, mazoea hayo hupungua. Kichwa, hata hivyo, bado kinakumbuka kipimo cha zamani. Siku akirudia huchukua kile alichokuwa akichukua, na kiasi ambacho mwaka jana kilimwondolea arosto tu sasa kinaweza kuzima pumzi yake. Akiwa amejificha kwa aibu, peke yake chooni au kwenye jengo lisiloisha, hakuna wa kumwona.

Kwa hiyo ukurasa wa nyuma wa fundi unaanza na watu wa nyumbani. Wakimkuta hashtuki akiitwa na kutikiswa, anapumua polepole sana au anakoroma kwa sauti ya kugugumia, midomo imegeuka rangi na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, hiyo ni dharura ya hospitali na hakuna kusubiri aamke. Alazwe ubavu asipaliwe na matapishi, na mtu akae naye. Kama hapumui, apuliziwe pumzi mdomoni. Asinyweshwe maziwa, asidungwe maji ya chumvi, asimwagiwe ndoo za maji. Mambo haya hufanywa mitaani na hupoteza dakika ambazo mtu hana. Ipo dawa iitwayo naloksoni ambayo huondoa athari ya heroini kwenye pumzi, na Shirika la Afya Duniani tangu 2014 limeshauri ipatikane hata kwa watu wanaoweza kumkuta mwenzao amezidiwa. Familia iulize kliniki au shirika linalohudumia watumiaji kama wanayo. Naloksoni huisha nguvu baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu, na mtu anaweza kuzama tena, kwa hiyo hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe.

Sehemu ya pili ya ukurasa huo ni ya fundi mwenyewe, nayo ina sentensi moja: "Nikivuta mara moja, nampigia mwenzangu kabla sijalala siku hiyo." Marlatt aliandika sana kuhusu kinachotokea kichwani baada ya kuteleza. Mtu aliyekaa safi miezi mitatu akavuta mara moja hujiambia kwamba yote yameharibika na hana haja tena ya kujizuia. Anavuta ya pili kwa kukata tamaa kuliko kwa hamu. Mteremko huo wa kutoka mara moja hadi kila siku ndio unaoweza kuzuiwa na simu ya usiku uleule. Na anayepokea simu awe ameandaliwa asiulize kwa nini. Aulize: uko wapi, uko na nani, umechukua kiasi gani?

Kwa wanaotumia methadoni mpango hubadilika kidogo. Kliniki ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa Februari 2011, na baadaye Kenya na Zanzibar zikafuata. Mtu huenda kila siku na kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Kwake, dalili ya kwanza ya hatari ni kukosa siku. Karatasi iseme wazi: nikikosa siku moja, kesho yake ninakwenda na ninasema. Nikikosa tatu au zaidi, nisidai dozi yangu ya zamani, kwa sababu kliniki italazimika kunipima upya na pengine kuanzia chini, kwa sababu ileile ya mwili kupoteza mazoea. Hatari nyingine hutoka nyumbani, pale ndugu wanapomwambia amehamia dawa nyingine tu na kumshinikiza aache. Wanaoacha methadoni ghafla kwa shinikizo hurudi kwenye unga kwa urahisi sana. Anayetaka kupunguza apunguze na kliniki, kwa miezi. Jambo hili dada na mjomba walisikie kutoka kwa mhudumu mwenyewe, siku ambayo karatasi inapelekwa kuonyeshwa.

Karatasi iandikwe tarehe juu, na isomwe tena kila mwezi katika nusu mwaka wa kwanza. Dalili hubadilika. Fundi akioa, pesa na ugomvi vitakuja kwa sura nyingine. Ramadhani siku zake zina mpangilio, futari ipo, tarawehe ipo, watu wapo. Kisha inakuja Idi, na pesa za sikukuu, nguo mpya, na maskani imejaa watu wanaomwita kwa jina. Wiki moja kabla ya Idi akae na mwenzake, waipitie upya ile sehemu ya Jumamosi, waandike atakuwa wapi baada ya swala, atakula kwa nani, na pesa zitakaa kwa nani hadi siku ya tatu.